Kazi ya Jani Yaonyeshwa Pasipo Maabara

Yafaa mwalimu wa Mpepai, au wa shule yo yote ya Mbinga isiyo na maabara, ajue ya kuwa somo la usanisinuru, yaani kazi ya jani kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua, laweza kuonyeshwa kwa mche mmoja wa maharagwe. Njia yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1864 Mjerumani Julius Sachs alifunika sehemu ya jani, akaliacha juani, kisha akaonyesha kwa iodini kwamba wanga ulikuwamo palipopigwa na nuru tu.

Panda maharagwe katika kopo wiki tatu kabla ya somo. Jumatatu asubuhi liweke kopo katika stoo yenye giza hata Jumatano asubuhi, ili mche utumie wanga uliokuwamo majanini. Usiufunike kwa debe penye jua, kwani bati hupata moto na kuuunguza. Jumatano, kabla ya kuutoa, funika ukanda wa jani moja pande zote mbili kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, uibane kwa kibanio. Kisha mche ukae juani tangu saa 2 asubuhi hata saa 8 mchana.

Lichume jani, ondoa karatasi, ulichemshe katika maji kwa dakika moja. Sasa rangi ya kijani sharti itoke, nayo haitoki kwa maji bali kwa spiriti. Hapa ndipo penye hatari. Spiriti huchemka kwa nyuzi 78 tu, na mvuke wake hushika moto upesi. Basi chemsha maji, epua sufuria, uzime moto kabisa, ndipo ufungue chupa. Kikombe chenye jani na spiriti kikae ndani ya maji yale ya moto. Maji yakipoa na jani lingali kijani, badili maji. Usirudishe sufuria motoni. Kazi hii aifanye mwalimu mwenyewe, wala si watoto.

Jani lililopauka huvunjika upesi. Litie katika maji ya vuguvugu lilainike, lilaze katika sahani nyeupe, liache lipoe. Ndipo ulitonee iodini ya duka la dawa, iliyozimuliwa kwa maji hata iwe na rangi ya chai nyepesi. Ukanda uliofunikwa utakuwa wa hudhurungi. Kwingine kote kutakuwa buluu ya kukaribia weusi.

Jani lote likiwa jeusi, giza halikutosha. Lote likiwa la hudhurungi, huenda siku ilikuwa ya mawingu, ama iodini imeharibika. Ijaribu kwa ugali, lakini uliopoa, kwa maana penye moto ile buluu hupotea hata iodini ikiwa nzima. Jani la kitunguu halifai, kwani huweka sukari badala ya wanga. Na la mkahawa ni gumu, rangi yake hukawia kutoka.

Jaribio hili laonyesha haja ya nuru tu. Mwanafunzi akiuliza kama jani limetumia hewa ya kaboni, mwalimu asimjibu kwamba ameliona hilo sahanini; hilo lataka jaribio jingine.