Mwekezaji Amesema Nini? Somo kwa Makatibu wa Vikundi

Kikundi kikishaeleza mpango wake kwa mwekezaji, maoni yake hurekodiwa kwa simu, na kazi ya kuyapanga humwangukia katibu. Anatakiwa kutenga mambo matatu: maswali, wasiwasi na vitu vilivyoombwa. Kabla ya yote, ruhusa ya kurekodi iombwe mwanzoni. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, sauti ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wakulima wa mwani wa Kibuyuni wanatafuta fedha za banda la kukaushia. Katibu asikilize rekodi mara ya kwanza bila kuandika ila dakika tu. Mara ya pili asimamishe kila mahali alipoweka alama, anakili maneno ya mwekezaji kama yalivyo.

Dakika ya 12 mwekezaji anauliza, "Wakati wa mvua mnakausha wapi?" Mama mwenyekiti anajibu: kwenye chanja, tunafunika kwa turubai. Dakika ya 19: "Gunia likifika na unyevu, hasara ni ya nani?" Dakika ya 31 anasimulia mzigo uliomwozea. Katibu mwenye haraka ataandika maswali mawili na kuiacha hadithi. Kumbe yote ni jambo moja. Swali la kawaida huisha likijibiwa. Wasiwasi hurudi hata baada ya jibu, mara nyingi kwa sura nyingine. Basi aandike: "Wasiwasi: mwani kufika na unyevu (dakika 12, 19, 31). Tulieleza chanja na turubai. Hatukusema tunapimaje ukavu, wala nani anabeba hasara." Sentensi hiyo ya mwisho inauma kidogo, lakini ndiyo itakayowapa wanachama kazi ya kufanya.

Maombi nayo hujificha kwenye adabu. "Ningeona hesabu za misimu miwili ningeelewa zaidi" ni ombi, ingawa hakusema "nitumieni". Liandikwe pamoja na jina la atakayelishughulikia na tarehe. Lisikuzwe: kama alitaja daftari la mauzo, usiandike hesabu zilizokaguliwa. Na kama daftari lina msimu mmoja tu, sema hivyo.

"Kazi nzuri, tutawasiliana" si swali, si wasiwasi, wala si ahadi. Likae mwishoni kama lilivyosemwa. Pale upepo wa kusi ulipomeza tarakimu, andika "haisikiki" na dakika yake. Kiasi cha fedha hakikisiwi kamwe. Mwekezaji aulizwe tena.

Muhtasari wa ukurasa mmoja unatosha. Wanachama wasomewe wote, na wasiwasi ujadiliwe hapo. Mwekezaji atumiwe sehemu ya maombi pekee, athibitishe kwamba ndivyo alivyotaka kabla mtu hajaanza kutafuta karatasi.