Dau la Mnada Hupangwa kwa Bei Zilizolipwa

Soko la Toi, kando ya Kibera, mnunuzi mzoefu haishiki bei ya kwanza anayotajiwa. Husimama pembeni kidogo, akaona aliyemtangulia ametoa ngapi. Mnada wa eBay unataka jicho hilohilo. Bei zilizobandikwa kwenye bidhaa ambazo bado zinauzwa ni ndoto za wauzaji. Soko ni pesa iliyokwisha kulipwa.

Tuseme mpiga picha wa harusi wa Kawangware anasaka lenzi iliyotumika. Kwenye sehemu ya kutafutia anaandika:

```
Canon EF 50mm f/1.8 STM -parts -fungus
```

Alama ya kutoa huondoa matangazo yenye neno linalofuata, hapa vipuri na lenzi zilizoingia kuvu. Kisha anachagua `Sold Items`, na mauzo ya takriban miezi 3 iliyopita yanatokea. Kila bei anaijumlisha na nauli ya mwuzaji iliyoandikwa chini yake. Bei iliyopigwa mstari anairuka, kwa sababu mnunuzi alipatana na mwuzaji akalipa chini ya hapo.

Tuseme amepata dola 62, 78, 80, 84, 86, 91 na 130. Asikimbilie wastani, afungue picha kwanza. Ile ya 62 ina mkwaruzo kwenye kioo, na ya 130 iliuzwa pamoja na kamera. Zote mbili si za kulinganishwa na lenzi anayoitaka, kwa hiyo anazitoa. Zinabaki 5, na ya katikati ni 84. Hiyo ndiyo bei ya soko.

Sasa arudi Nairobi. Ikiwa lenzi kama hiyo mjini inapatikana kwa shilingi 13,000, sawa na dola 100 kwa kiwango cha 130, na ajenti anadai dola 20 kuifikisha pamoja na ushuru, inabaki 80. Nauli ya mwuzaji ni 8, kwa hiyo dau lake la juu ni 72. Soko lenyewe lingemruhusu 76, yaani 84 kutoa 8, lakini hufuatwa kiasi kilicho kidogo.

Aandike 72 mara moja, asipande dola mojamoja. Mtambo humpandishia kadiri inavyohitajika tu: mpinzani wake akiwa amekomea 65, yeye atalipa 66. Akipitwa, aache. Lenzi hii ni ya kawaida, na nyingine itakuja.

Mbinu hii hulegea kwa kitu adimu. Mauzo 2 ndani ya miezi 3 hayaonyeshi bei ya soko. Yanaonyesha watu 2 walivyokuwa na hamu. Hapo ashike hesabu ya Nairobi peke yake.