Sekunde Kumi na Tano: Kumwandalia Fundi Nguo Menyu ya Simu

Katika toleo hili somo langu halitoki darasani kwetu. Linatoka katika chumba cha kushonea cha shangazi yangu hapa Kamenge, ambako tulitengeneza menyu ya simu: mashine inayopokea, inamsomea mpigaji mambo matatu, naye anabonyeza tarakimu moja. Ndugu mmoja wa kitivo cha sayansi alishughulikia kompyuta. Mimi nilipewa maneno, nikaja kuona kwamba kazi kubwa iko huko.

Tatizo la shangazi ni la mafundi wote katika siku kumi za mwisho wa Ramadhani. Simu inalia, anainua mguu kwenye cherehani, anajibu, anarudi, inalia tena. Wengi wanauliza neno moja tu: "Nguo yangu imekwisha?" Wengine wanauliza anafunga saa ngapi, au duka liko upande gani wa soko. Wachache sana wana jambo linalohitaji mdomo wa fundi mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote tulikaa na daftari siku kadhaa, kila simu tukaiandikia sababu yake. Menyu inatoka katika daftari hilo. Jambo ambalo haliulizwi halipewi tarakimu, hata kama mwenye duka analipenda.

Vifaa ni vichache: kompyuta ya zamani yenye programu ya bure inayoitwa Asterisk, modemu ya kuchomeka yenye laini ya simu, na waifai ya dukani inayounganisha kompyuta na simu ya shangazi. Hapo pana kikomo kimoja cha kushika mapema. Laini moja hubeba maongezi ya mtu mmoja. Yule anayesikiliza mashine amewafungia mlango wengine wote, nao wanasikia kwamba namba inatumika. Chukulia kila simu inakaa sekunde 40 tangu kuita hadi kukata: kwa saa moja wanapita watu 90. Ikikaa dakika moja na nusu, wanapita 40. Na mpigaji analipia muda huo kwa vocha yake mwenyewe. Kila neno la ziada, basi, linamgharimu yeye na linamzuia mwenzake.

Shangazi alitaka maamkizi marefu: salamu kamili, dua, shukrani kwa wateja, kisha sifa za vitambaa vipya. Alisema kumwambia mtu "bonyeza" bila kumwamkia vizuri ni kukosa adabu. Sikupuuza hoja yake, maana kwetu salamu si pambo. Lakini salamu humtaka mtu aitikie, na mashine haiitikiwi. Tena wateja wake si Waislamu peke yao. Tulipatana juu ya "Karibu", na haya ndiyo maneno yote:

"Karibu kwa fundi nguo, Kamenge. Kujua nguo zilizo tayari, bonyeza 1. Kujua saa za kazi na mahali tulipo, bonyeza 2. Kuzungumza na fundi, bonyeza 3."

Ukisoma kwa utulivu, na kutua baada ya kila sentensi, ni sekunde kama 15. Angalia mpangilio: jambo linatangulia, tarakimu inafuata. Wengi huandika kinyume, "Bonyeza 1 kujua nguo zilizo tayari," na kwenye karatasi haina ubaya. Sikioni ni vingine. Msikilizaji anapewa tarakimu kabla hajajua ni ya nini, anaiacha ipite, kisha akisikia jambo lake inambidi akumbuke tarakimu ilikuwa ipi. Menyu za kutuma pesa tulizozoea zinaandikwa kwenye kioo, jicho linaweza kurudi juu. Sauti ikipita imepita. Ndiyo maana tuliishia matatu, na nisingependa kuvuka manne.

Baada ya sentensi ya mwisho panahitajika kimya cha sekunde tano. Mtu ana simu sikioni. Lazima aishushe, kioo kiwake, atafute vibonyezo. Mashine ikisema "hujachagua" wakati bado anatafuta, atakata.

Kuhusu lugha, njia ya kawaida ni kuanza na swali la lugha. Swali hilo lingeongeza sekunde kadhaa kwa kila mpigaji, kila siku. Wateja wa shangazi wengi wanaelewa Kiswahili na Kirundi pia, kwa hiyo mashine inasoma kwa Kiswahili kwanza. Asiyebonyeza kitu anasomewa mambo yaleyale kwa Kirundi, kwa tarakimu zilezile. Akinyamaza tena, anapelekwa kwa fundi. Mzee asiyejua vibonyezo asipotee kamwe. Anyamaze tu, atafika kwa mtu.

Hii ndiyo menyu yenyewe kama inavyoandikwa katika faili la `extensions.conf`:

```
[menyu]
exten => s,1,Wait(8)
 same => n,Answer()
 same => n,Wait(1)
 same => n,Background(karibu)
 same => n,WaitExten(5)
 same => n,Background(karibu-kirundi)
 same => n,WaitExten(5)
exten => 1,1,Playback(tayari)
 same => n,Hangup()
exten => 2,1,Playback(mahali)
 same => n,Hangup()
exten => 3,1,Dial(PJSIP/fundi,25)
 same => n,Playback(hatupo)
 same => n,Hangup()
exten => i,1,Goto(3,1)
exten => t,1,Goto(3,1)
```

`Background` husoma huku inasikiliza, kwa hiyo mteja aliyezoea anabonyeza 1 mara tu mashine inapoanza. `Playback` haisikilizi, husoma hadi mwisho. Herufi `i` ni ya aliyebonyeza tarakimu isiyokuwepo, na `t` ni ya aliyenyamaza. Wote wawili tunawapeleka kwa fundi, badala ya kuwarudisha mwanzo wazunguke.

Ile `Wait(8)` ya kwanza ni kwa ajili ya wanaobipu. Kwetu mtu hubipu ili apigiwe, na mashine inayopokea papo hapo inamkata pesa mtu ambaye hakutaka kulipa. Ikisubiri sekunde nane, aliyebipu ameshakata na namba yake imebaki. Ile sekunde moja baada ya `Answer` ina kazi nyingine: njia ya sauti huchelewa kidogo kufunguka, na bila kusubiri, mteja husikia "ribu kwa fundi".

Sasa nije kwenye tarakimu 1, ambayo ndiyo roho ya menyu yote. Ungedhani inahitaji hifadhi ya kumbukumbu na mteja kuandika namba ya risiti. Haihitaji. Kila jioni shangazi anapiga namba ya ndani kwa simu yake ya dukani na kurekodi ujumbe mpya juu ya ule wa zamani. Kwenye kompyuta ni mstari mmoja, `Record(tayari.wav,3,40)`, unaoacha kurekodi akinyamaza sekunde tatu. Anasema: "Leo Jumatano. Risiti nyeupe, namba 1 hadi 38 ziko tayari. Namba 31 bado." Mteja anatazama risiti yake, anajua. Siku lazima itajwe mwanzoni. Siku ambayo amesahau kurekodi, anayepiga Alhamisi atasikia "Leo Jumatano" na kuelewa kwamba habari ni ya jana. Bila siku, mashine ingekuwa inasema uongo kwa sauti ya shangazi mwenyewe.

Lakini namba zilituletea shida ambayo sikuitarajia. Sauti ya simu ya kawaida hupitishwa kuanzia mitetemo kama 300 hadi 3400 tu kwa sekunde. Nguvu kubwa ya herufi "s" iko juu ya hapo, kwa hiyo hukatwa, na kinachobaki ni mfano wa pumzi. Sasa sema "sita" na "tisa". Ni herufi zilezile, zimebadilishana nafasi. "Sitini" na "tisini" vilevile. Nilimwomba binamu yangu apige akiwa kando ya barabara, pikipiki zinapita, aandike alichosikia. "Sitini na nane" aliiandika 98. Mteja wa kweli angefunga safari bure.

Kusema polepole kulisaidia kidogo tu. Kilichotibu ni kubadilisha risiti zenyewe. Shangazi sasa ana vitabu viwili, cheupe na cha buluu, anavipokezana, na kila kitabu kinaishia 59. Sitini na tisini hazitamkwi tena. Zilibaki sita na tisa za mwisho, na hizo anazirudia kwa kutaja jirani yake: "arobaini na sita, ile baada ya arobaini na tano." Inachekesha kidogo ukiisikia, ila haimkosei mtu.

Kurekodi kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Usirekodi katika chumba kitupu chenye sakafu ya saruji, kwa sababu mwangwi unakula silabi. Tulirekodi katikati ya kanzu na madira yaliyotundikwa. Nguo zinanyonya mwangwi vizuri kuliko kitu chochote tungeweza kununua. Simu iwe shibri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isipige moja kwa moja. Aliyesoma tajwidi ana faida hapa: anajua kutoa herufi mahali pake na anajua wapi pa kutua. Ila asivute. Kisha faili hupunguzwa lifae simu, sampuli 8000 kwa sekunde, njia moja:

```
ffmpeg -i karibu.m4a -ar 8000 -ac 1 -c:a pcm_s16le karibu.wav
```

Lisikilize baada ya kupunguza, wala si kabla. Sauti inayopendeza kwenye simu yako kabla ya kupunguzwa haikuambii mteja atasikia nini.

Kasoro moja zaidi ni ya vibonyezo. Kila kibonyezo hutoa milio miwili kwa pamoja. Cha 1 ni 697 na 1209 kwa sekunde. Mtandao ukiwa mbaya, mlio mmoja hukatika katikati na mashine ikauhesabu mara mbili. Ukiongeza `dtmf` kwenye mstari wa `console` katika `logger.conf`, kisha ukafungua `asterisk -rvvv` wakati wa jaribio, unaona kila tarakimu jinsi inavyoingia, na hapo "11" utaiona wazi. Kwetu haidhuru, kwa sababu 1 ya kwanza inatosha na ya pili haina wa kuisikiliza. Ingekuwa tunamtaka mteja aandike namba ya risiti, 31 ingeingia 331.

Lililobaki bila dawa ni tarakimu 3. Anayezungumza na fundi dakika tatu ameishika laini dakika tatu, na hakuna ufupi wa maneno utakaobadilisha hilo. Laini ya pili na modemu ya pili ndiyo njia, na shangazi amesema atafikiria baada ya Idi.