Kuondoa Kitu Kwenye Picha kwa Akili Mnemba: Doa, Kidole cha Sita na Barakoa Sahihi

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtahiniwa aweze:

(a) kueleza kwa nini picha hubaki na doa la ukungu baada ya kitu kuondolewa;
(b) kueleza kwa nini vidole vya ziada hutokea;
(c) kupaka barakoa kwa usahihi na kukagua matokeo.

1. Maana ya kujaza picha

Kujaza picha ni kazi ya kompyuta kuchora upya sehemu iliyochaguliwa ya picha, ili ilingane na sehemu zinazoizunguka. Sehemu hiyo huchaguliwa kwa barakoa. Barakoa ni picha ya pili yenye ukubwa sawa na ile ya kwanza. Katika programu nyingi, mahali peupe kwenye barakoa pana maana ya "chora upya" na mahali peusi pana maana ya "acha kama palivyo". Unapopaka kidole juu ya mtu kwenye kioo cha simu ili aondoke, unatengeneza barakoa.

Neno "kuondoa" lisikupotoshe. Kamera haikupiga kilichokuwa nyuma ya mtu huyo, kwa hiyo hakuna kitu kilichofichwa kinachoweza kufunuliwa. Kompyuta inabuni kitu kinachoelekea kuwa pale. Ukishika hoja hii moja, sehemu zote zinazofuata zitaeleweka.

2. Kompyuta inavyojaza

Tuchukue Stable Diffusion, programu iliyotolewa mwaka 2022. Kwanza, programu hufinya picha. Kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 hugeuzwa kuwa chumba kimoja. Picha ya pikseli 512 × 512 hubaki na vyumba 64 × 64, kwa sababu 512 ÷ 8 = 64.

Pili, vyumba vilivyo ndani ya barakoa huwekewa chenga, mfano wa zile za televisheni iliyokosa mawimbi. Programu husafisha chenga hizo hatua kwa hatua. Katika kila hatua hutazama vyumba vya nje ya barakoa na kujiuliza: karibu na vitu hivi, kwa kawaida huwa kuna nini? Mwisho, vyumba hukunjuliwa na kuwa pikseli tena.

Kutokana na hatua hizo tunapata kanuni mbili:

(i) Kilicho nje ya barakoa ndicho kinachoamua kitakachochorwa ndani.
(ii) Kitu kidogo hupata vyumba vichache, hivyo huchorwa vibaya.

3. Chanzo cha doa la ukungu

Sababu ya kwanza ni barakoa iliyobana. Ukingo wa mtu kwenye picha hauishi ghafla. Pikseli chache za mwisho huwa na mchanganyiko wa rangi ya nguo yake na rangi ya ukuta. Ukipaka barakoa ikafuata ukingo huo kamili, pikseli hizo za mchanganyiko hubaki nje. Programu huzitazama, hudhani ni sehemu ya mandhari, kisha huzieneza kuelekea ndani. Hapo ndipo unapoona mstari hafifu wenye umbo la mtu aliyeondoka.

Sababu ya pili ni kusahau kivuli au taswira inayoonekana kwenye kioo, maji au sakafu inayong'aa. Kivuli kisicho na mwenyewe huifanya programu ichore kitu cheusi kinachoweza kukielezea: pengine doa, pengine hata mtu mwingine.

Sababu ya tatu ni kubakiza picha ya zamani ndani ya barakoa. Kwenye ukurasa wa programu utaona chaguo la `Masked content` na kipimo cha `Denoising strength`, kinachoanzia 0 hadi 1. Ukichagua `original` na kuweka kipimo cha chini, kwa mfano 0.4, chenga zinazowekwa ni chache na umbo la zamani halifutiki. Kwa kazi ya kuondoa kitu, chagua `fill`, ambayo huanza kwa kueneza rangi za pembeni, na weka kipimo karibu na 1.

4. Chanzo cha vidole vya ziada

Programu haihesabu vidole. Imejifunza kutoka kwenye picha nyingi kwamba pembeni mwa kidole mara nyingi kuna kidole kingine. Katika picha hizo mikono huwa midogo, imekunjwa, au imeshika kitu, hivyo idadi ya vidole vinavyoonekana hubadilika kila mara. Barakoa ikikata mkono katikati, vidole vilivyobaki nje huwa ni agizo: "endeleza mkono huu." Programu hutii na kuongeza.

Kanuni ya (ii) huzidisha tatizo. Kidole chenye upana wa pikseli 10 hupata chumba kimoja na robo tu. Chumba kimoja hakitoshi kuonyesha kidole kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

5. Mfano uliofanyiwa kazi

Rehema ana picha moja tu ya mahafali yake, yenye ukubwa wa pikseli 512 × 512. Kushoto kwake amesimama binamu yake, ambaye ameweka mkono begani kwa Rehema. Vidole vinne vya binamu vinaonekana juu ya joho. Mkono wa kushoto wa Rehema unaning'inia na kugusa shati la binamu. Rehema anataka abaki peke yake mbele ya ukuta mweupe.

*Jaribio la kwanza.* Anapaka barakoa kwa kufuata mwili wa binamu na kuishia kwenye kifundo cha mkono. Matokeo: vidole vinne bado viko begani, na programu imeviunganishia mkono mpya unaotokea ukutani. Pembeni pana mstari wa kijivu wenye umbo la binamu. Chini, kivuli chake kimegeuka doa. Mkono wa Rehema mwenyewe una vidole sita, kwa sababu barakoa ilipita juu ya kidole chake cha mwisho.

*Jaribio la pili.* Rehema anatunza nakala ya picha halisi, kisha anafuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Anafunika kila kilicho cha binamu: mwili, mkono mzima pamoja na vidole vilivyo begani, na kivuli chote hadi kinapoishia.

Hatua ya 2: Anapanua barakoa kwa takriban pikseli 8 hadi 16 kupita ukingo wa binamu, yaani chumba kimoja au viwili. Kwa njia hii pikseli za mchanganyiko zinaingia ndani, na programu inatazama ukuta safi.

Hatua ya 3: Mahali binamu anapogusana na mkono wa Rehema hapanui. Anakuza picha na kupaka kwa brashi ndogo hadi kwenye ukingo wa kidole cha Rehema bila kukigusa. Pia anapunguza `Mask blur`, kipimo cha kulainisha ukingo wa barakoa, kutoka 4 hadi 1, ili ulainisho usiingie kwenye kidole.

Hatua ya 4: Katika sehemu ya maelezo anaandika kinachopaswa kuwepo, `plain white wall`. Haandiki "ondoa mtu", kwa kuwa neno mtu linaweza kuifanya programu ichore mtu.

Sasa ukuta ni safi na bega ni zima. Hata hivyo, ulainisho mdogo uliobaki umechafua ncha ya kidole kimoja cha Rehema. Hatua ya 5 inashughulikia hapo peke yake.

Hatua ya 5: Anafuta barakoa ya kwanza na kupaka mpya ya pikseli 96 × 96 inayofunika kiganja chote, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole. Hafuniki kidole kimoja, maana kufanya hivyo ni kukata mkono tena. Anachagua `Only masked`, ambayo hukata eneo la barakoa, hulikuza, hulijaza, kisha hulirudisha mahali pake. Kipimo cha `Only masked padding, pixels` anakiacha kwenye 32, ili programu ione pia sehemu ya mkono wa joho.

Ukokotoaji:

Upana wa eneo = 96 + 32 + 32 = pikseli 160
Ukuzaji = 512 ÷ 160 = mara 3.2
Kidole cha pikseli 10 kinakuwa 10 × 3.2 = pikseli 32
Vyumba = 32 ÷ 8 = 4

Kidole kilichokuwa na chumba kimoja na robo sasa kina vyumba vinne. Rehema anatengeneza matokeo manne, anahesabu vidole katika kila moja, na kuchagua lenye mkono kamili.

6. Kukagua na mipaka ya kazi

Kagua mambo matatu: hesabu vidole, fuata mistari iliyonyooka kama ya matofali uone kama imekatika, kisha tafuta kivuli kisicho na mwenyewe. Kuza picha, kwa maana kasoro nyingi hazionekani kwenye kioo kidogo cha simu.

Barakoa nzuri ina mipaka yake. Kitu kilichofunika uso wa mtu kikiondolewa, uso utakaotokea ni wa kubuni, hata kama hauna doa. Picha ya aina hiyo haifai kuwa ushahidi wa mtu alivyokuwa.

7. Maswali ya kujipima

1. Juma ameondoa pikipiki kwenye picha, lakini chini pamebaki doa jeusi. Taja chanzo na namna ya kurekebisha.

2. Barakoa ina upana wa pikseli 192, na nyongeza ya pembeni ni pikseli 32 kila upande. Eneo linakuzwa hadi pikseli 512. Kidole cha pikseli 12 kitapata vyumba vingapi?

3. Mwanafunzi ameondoa chupa mkononi mwa mtu na kupata vidole saba. Eleza sababu mbili na utoe suluhisho.

4. Namba ya gari imefunikwa na tope kwenye picha. Je, kujaza picha kunaweza kuonyesha namba halisi? Toa sababu.

Majibu

1. Kivuli cha pikipiki hakikufunikwa na barakoa. Afunike pikipiki pamoja na kivuli chote, kisha ajaze upya.

2. Eneo = 192 + 64 = 256. Ukuzaji = 512 ÷ 256 = mara 2. Kidole = 12 × 2 = pikseli 24. Vyumba = 24 ÷ 8 = 3.

3. Kwanza, barakoa ya chupa ilikata vidole vilivyoishika, hivyo programu ikaviendeleza. Pili, vidole ni vidogo na vimepata vyumba vichache. Suluhisho: afunike kiganja chote hadi kifundo, achague `Only masked`, atengeneze matokeo kadhaa na achague lenye idadi sahihi ya vidole.

4. Haiwezekani. Kamera haikupiga tarakimu zilizo chini ya tope. Tarakimu zitakazotokea zimebuniwa, na zinaweza kuwa za gari la mtu asiyehusika.