Paswedi Inayopita Uchi: FTP, FTPS au SFTP?

Tuseme umepewa kazi ya kupandisha tovuti ya klabu. Uko maktaba, kwenye waifai isiyo na paswedi, na ndani ya FileZilla umechagua `Only use plain FTP (insecure)`. Kinachosafiri hewani ni hiki:

```
USER klabu
PASS siri2024
```

Hivyo hivyo, bila kufichwa. Jirani mwenye Wireshark akikinasa, ataingia kwenye seva kama wewe na kubadilisha kurasa atakavyo.

FTPS ni FTP ileile iliyofunikwa kwa TLS, kwa hiyo paswedi haisomeki. Shida ni kwamba kila faili, hata orodha ya faili, hufunguliwa poti yake. Fayawoli ya chuo ikizifunga poti hizo, utaingia freshi, halafu orodha igome kuonekana.

SFTP, licha ya jina, si FTP. Inapita ndani ya SSH, na kila kitu kinatumia poti moja, kwa kawaida 22:

```
sftp klabu@example.com
```

Mara ya kwanza itakuonyesha alama ya utambulisho ya seva. Ilinganishe na ile uliyopewa na wenye seva, ndipo uandike `yes`. Na kama uliwahi kuingia kwa FTP tupu, badilisha paswedi leo: SFTP haiwezi kuficha kilichokwisha kuonekana.