Mamba wa Mtoni na Mamba wa Kichakani

Kwa sehemu ndefu, Mto Athi ndio mpaka kati ya Makueni na Kitui. Mtu akipiga ukelele wa "Mamba!" kwenye kingo zake, waliokuja kuchota maji huruka nyuma huku wakiukazia mto macho. Wana haki, kwani kwa Kiswahili mamba ni yule mnyama wa miguu minne mwenye magamba magumu anayeotea mawindo majini. Lakini jina hilohilo likitajwa redioni pamoja na neno "mweusi", anayesemwa si wa mtoni tena. Ni nyoka mrefu, mwembamba, anayeishi kwenye mapango, mashimo ya miti na vichuguu vilivyohamwa. Jina lake lilitoka kwa Wazulu wa Afrika Kusini, wanaomwita nyoka huyo *imamba*. Kiingereza kikalichukua, na kutoka huko likafika katika shule na vyombo vya habari vya Kenya, ambako lilimkuta mamba mwingine kesha kuwa na jina lake.

Wanasayansi humwita wa mtoni *Crocodylus niloticus*, na wa kichakani *Dendroaspis polylepis*. Neno la kwanza ni la jenasi, yaani kundi la wanyama walio na undugu wa karibu, na huanza kwa herufi kubwa. La pili hutaja spishi yenyewe, na huandikwa kwa herufi ndogo. Yote mawili huchapishwa kwa herufi za mlazo. Mtaalamu wa Nairobi, daktari wa Uswidi na mwalimu wa Wote wakisoma maneno hayo mawili, wote wanamfikiria mnyama mmoja. Utaratibu huu ulienezwa na Carl Linnaeus wa Uswidi, na majina ya wanyama huhesabiwa kuanzia toleo la kitabu chake la mwaka 1758.

Hata neno "mweusi" huleta shida. *Dendroaspis polylepis* si mweusi wa ngozi. Rangi yake ni ya kijivu au ya zeituni. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa, na huonekana anapokiachama kutisha. Ndiyo sababu nyoka wengi weusi wasio na hatia huuawa kwa jina lake, ilhali yeye mwenyewe akipita huenda asitambuliwe. Kwa upande mwingine, nyoka mmoja anaweza kuwa na majina mengi. Yule mnene, mvivu, mwenye alama za mshale mgongoni, anayelala njiani na kukanyagwa usiku, huitwa moma na wengine, bafe na wengine, na Tanzania ni kifutu. Kwenye kitabu cha sayansi ni *Bitis arietans*, basi.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko kwa fira, ambaye wengine humwita swila, na wengine kobra. Katika nyanda kavu za mashariki mwa Kenya kuna fira zaidi ya mmoja anayetema sumu. Yupo mdogo mwekundu mwenye utepe mweusi mmoja shingoni, *Naja pallida*. Yupo pia mkubwa wa rangi ya kahawia, anayepita mita mbili. Huyo mkubwa aliishi miaka mingi ndani ya jina la mwingine: vitabu vilimweka pamoja na *Naja nigricollis*, fira mwenye shingo nyeusi, na kumwona kama aina yake tu ya rangi ya kahawia.

James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu, hakuridhika na maelezo hayo. Alishikilia kwamba nyoka huyo ni wa peke yake. Alifariki mwaka 2004, kabla ya jambo hilo kuthibitishwa. Mwaka uleule, nyoka mmoja wa aina hiyo alikamuliwa Bio-Ken akatoa mililita 6.2 za sumu kwa mara moja, zaidi ya kijiko kimoja cha chai. Mwaka 2007, Wolfgang Wüster na Donald Broadley walilinganisha magamba, rangi na vinasaba, wakaonyesha kwamba ni spishi tofauti. Wakampa jina *Naja ashei*, kwa heshima ya Ashe. Ndiye fira mtema sumu mkubwa kuliko wote duniani, na hadi siku hiyo hakuwa na jina lake rasmi.

Mgonjwa anafaidi nini kwa haya yote? Jibu limeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa ya sumu ya nyoka. Dawa hiyo hutengenezwa kwa kumdunga farasi kiasi kidogo cha sumu ya nyoka fulani, kisha kuchukua kinga inayojijenga ndani ya damu yake. Kinga hiyo huitambua vizuri sumu iliyotumika, na wakati mwingine sumu ya ndugu wa karibu wa nyoka huyo. Mbali na hapo nguvu yake hupungua, au haipo kabisa.

Sasa, boksi likiandikwa "kobra", ni kobra yupi? Wa India ni *Naja naja*. Ana jenasi moja na fira wa Mwingi au Kibwezi, lakini sumu zao ni tofauti. Sumu ya fira mtema wa huku huozesha nyama kuzunguka jeraha. Ya yule wa India pia hulemaza misuli ya pumzi. Dawa iliyotengenezwa kwa *Naja naja* inaweza kumwacha mgonjwa wa Kitui bila msaada, ingawa neno "kobra" limechapishwa wazi kwenye boksi na hakuna aliyedanganya.

Jambo la namna hii lilionekana Ghana mwaka 2004. Hospitali moja ilibadilisha dawa iliyokuwa ikitumia kwa nyoka wadogo wa jenasi ya *Echis*, ikaanza kutumia dawa nyingine iliyotokana na *Echis* wa Asia. Kwa jina la kawaida nyoka hawa ni wamoja. Kabla ya badiliko hilo walikuwa wakifa wagonjwa wapatao 2 katika kila 100. Baada yake wakawa 12. Mganga angesoma jina la pili, lile la herufi ndogo, angeona kwamba nyoka wa dawa si nyoka wa kijiji.

Majina ya kisayansi nayo hubadilika utafiti unapoendelea, kama yalivyobadilika kwa *Naja ashei*. Orodha iliyochapishwa kabla ya 2007 haiwezi kumtaja. Kwa hiyo msimamizi wa stoo ya dawa hospitalini akisoma *Naja nigricollis* kwenye karatasi ya zamani, inambidi aulize sumu ile ilikamuliwa kutoka kwa nyoka wa nchi gani. Badiliko kama hilo angalau huacha alama: jina la zamani huwekwa kwenye kumbukumbu pamoja na tarehe na aliyelibadilisha. Jina la mtaani huhama bila kuandikwa popote.

Aliyeumwa hahitaji kujua Kilatini, wala nyoka hapaswi kufuatwa ili atambuliwe. Mgonjwa atulizwe, mguu au mkono usichanjwe wala kufungwa kamba, na apelekwe hospitali upesi. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe mara moja kwa maji safi mengi. Njiani, aliyemwona nyoka akumbuke mambo machache: alikuwa mnene au mwembamba, alitanua shingo, alitema, kinywa kilikuwa cheusi ndani, ilikuwa saa ngapi, na uvimbe au kope kulegea kulianza lini. Badala ya kusema tu "ni mamba", amweleze daktari hayo, na daktari aende na jibu kwenye karatasi ya dawa, kwenye mstari ulioandikwa kwa herufi za mlazo.