Kwa nini mashine ya kulainisha maji inaomba chumvi

Upande wa Likasi, katika Katanga, kuna mawe ya chokaa chini ya udongo. Maji ya kisima yanayopita humo yanabeba kalsiumu. Sabuni haitoi povu, na ndani ya chungu cha mvuke chokaa inaganda hadi kuni zinapotea bure. Ndiyo maana koperative zingine zinaweka mashine ya kulainisha maji.

Ndani ya mashine hiyo iko tangi yenye rezini, punje ndogo kama mayai ya samaki. Kila punje imeshika sodiumu. Maji yakipita, punje inashika kalsiumu na kuachia sodiumu: chembe moja ya kalsiumu inaingia, mbili za sodiumu zinatoka. Rezini haichuji, inabadilishana tu. Siku sodiumu yote imetoka, maji yanapita magumu vile vile.

Sasa chumvi inaingia wapi? Chumvi ni sodiumu pamoja na klorini. Rezini inapenda kalsiumu kuliko sodiumu, lakini tukiipitishia maji ya chumvi kali, sodiumu inakuja kwa wingi mpaka inasukuma kalsiumu nje. Punje inakuwa tena kama mpya.

Tuchukue mfano. Tangi iko na rezini litri 25, na kila litri inaweza kushika gramu 50 za chokaa: jumla gramu 1.250. Laboratware imepima maji, imekuta miligramu 250 za chokaa kwa litri. Basi tangi italainisha litri 5.000. Tukitumia litri 1.000 kwa siku, ni siku 5. Sisi tunaosha siku ya 4 jioni, tusishtukizwe.

Kuosha ni hivi. Kwanza pitisha maji kutoka chini kwenda juu, uchafu utoke. Kisha koroga kilo 3 za chumvi katika litri 27 za maji, uyapitishe polepole, karibu nusu saa. Kwa hesabu, kilo moja na nusu ingetosha, lakini rezini inashikilia kalsiumu kwa nguvu, ndiyo sababu tunaweka mara mbili. Mwisho, suuza mpaka maji yanayotoka hayana ladha ya chumvi.

Kujua kama imefaulu, jaza chupa nusu, tia matone machache ya sabuni ya maji, tikisa. Povu likisimama, ni sawa. Maji yakiwa meupe kama maziwa bila povu, rezini imechoka. Rezini ikigeuka rangi ya kutu, maji yanaleta chuma. Chumvi peke yake haitaiponya.

Tuangalie mambo mawili. Maji ya chumvi yaliyotoka yasimwagwe shambani wala karibu na kisima, na maji yaliyolainishwa yasinyweshwe mimea, kwa sababu sodiumu inaharibu udongo. Tena mashine haiui vijidudu. Kwa kunywa, tuache robine moja ya maji yasiyopitia rezini, na maji hayo tuyachemshe: mtoto mchanga na mtu wa presha hawahitaji sodiumu ya ziada.